Tupeane uzoefu: mume Dar es Salaam, mke Pemba. Mliohama na mliobaki, mambo yalikwendaje?

Mwalimu wa Limbani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo majumbani, lakini hatulizungumzi mpaka liharibike. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika skuli ya sekondari ya Serikali hapa Wete, na mume wangu anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Tangu tuoane tunaishi hivi: yeye huja sikukuu zote mbili na katika likizo yake, nami humfuata skuli zinapofungwa. Sasa amepanga nyumba ya vyumba viwili Tandika, na angependa mimi na mtoto wetu, ambaye yuko darasa la tano, tuhamie kabla ya masomo ya Januari kuanza. Hanilazimishi, na nafaka, yaani matumizi ya mke, hajawahi kuikata. Kwa upande wangu ninaye mama ambaye ana maradhi ya sukari na anaishi nami, na nina ajira ya kudumu ambayo sikuipata kwa urahisi.

Kwamba mke humfuata mume, au kwamba wapendanao huvumiliana, nimeshaambiwa sana na ninayaheshimu maneno hayo. Ninachoomba ni kuambiwa na waliohama kazi zao ziliishia wapi na fedha za nyumbani zilikwendaje, na waliobaki waeleze ni kitu gani hasa kiliwachosha.

Umm Nasra, Mbagala

Waalaykum salaam mwalimu. Mimi nilihama kutoka Chake Chake, na nitakueleza kwa mpangilio kwa sababu hali yako inakaribiana sana na yangu.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya Serikali. Niliomba likizo bila malipo, nikapewa, na ilipokwisha nikaacha kazi kwa barua, kwa kuwa tayari nilikuwa na mtoto mchanga na sikuweza kurudi. Kabla ya kuhama tulipiga hesabu tukaona tutaokoa fedha nyingi, maana hakutakuwa tena na nauli za boti wala nyumba mbili za kulisha. Kosa la hesabu ile ni kwamba tulihesabu matumizi yatakayoondoka, wala hatukuuhesabu mshahara wangu utakaoondoka pamoja nayo. Kodi ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka ya miezi sita mbele, kwa hiyo ilitubidi kutoa 1,200,000 siku ya kuchukua ufunguo. Chake tulikuwa katika nyumba ya wazee wangu, hatulipi kodi. Muhogo na ndizi vilitoka shamba, nazi pia, na msimu wa karafuu ukiwa mzuri nilikuwa napata changu. Mbagala hata fungu la mchicha nalinunua, na mshahara wa mume wangu ulikuwa umeshagawika kabla sijafika, kwa kuwa sehemu yake humwendea mama yake kila mwezi, jambo ambalo nisingethubutu kulizuia.

Ugomvi wetu mkubwa wa mwaka ule wa mwanzo haukuhusu mapenzi hata kidogo. Ulihusu mimi kuomba fedha ya kitu kidogo kama mafuta ya kichwa, nami nilikuwa nimezoea kuwa na yangu mkononi. Mume wangu hakuwa bakhili, lakini alizoea kutuma fedha mara moja kwa mwezi na kumaliza, na sasa anaombwa kila asubuhi wakati anavaa viatu. Tulipokubaliana kwamba mshahara ukiingia anitolee fungu la nyumba na fungu langu mwenyewe kwa pamoja, nisiulizwe na yeye asiombwe, mambo yakatulia. Sijutii kuhama, kwa sababu watoto wanamjua baba yao. Ila mapatano yale tungeyafanya kabla ya kufunga mizigo.

Tena usiipime nyumba ile kwa likizo. Unapokwenda likizo naye huomba ruhusa kazini, mnatembea, mnakula vizuri. Nenda mara moja katika wiki zake za kawaida za kazi, uone anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi, na wewe utakuwa na nani mchana kutwa.

Ami wa Konde

Binti yangu, usisumbuke. Kama wakati wa kuoa mlishurutisha kwamba hutatolewa Pemba, basi sharti ni sharti, na Waislamu hufungwa na masharti yao. Hawezi kukuhamisha, na nafaka itabaki palepale.

Mkaazi wa Mkunazini

Ami yangu, kwa heshima zote, hapo pana ufafanuzi. Ulichokisema ni kauli ya Mahanbali: kwao mke akishurutisha asitolewe mji wake, sharti linasimama, na mume akilivunja mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata visiwani, ndoa inasihi lakini sharti la namna hiyo halimfungi mume. Mke akikataa kumfuata bila ya udhuru wa kisheria, nafaka yake huingia shakani.

Lakini mwalimu hayuko katika hali hiyo. Mume wake ameridhia abaki, na maadamu ameridhia na mke hamzuilii haki yake anapokuja, nafaka inaendelea kumlazimu. Ninalomshauri ni kwamba ridhaa hiyo isiwe ya kudhaniwa tu. Waizungumze mbele ya mtu mmoja wa kila upande, waseme ni mpaka lini na kwa sharti gani, kwa sababu nimeona kesi ambapo mume alinyamaza miaka, halafu siku ya ugomvi akasema kwamba hakuwahi kukubali. Likifika huko, mahali pake ni kwa kadhi.

Binti Micheweni

Mimi mume wangu yuko Maskati, na nyinyi mnaoweza kuonana kwa boti naona mna neema kubwa. Sisi hatuna hilo la kuchagua kuhama, kwa sababu kibali cha kazi yake hakimruhusu kuleta familia. Amekuja mara mbili tangu tuoane. Najua sikujibu swali lililoulizwa, lakini nilitaka kusema kwamba simu ya picha kila usiku haikunisaidia kama nilivyodhani, kwa sababu tulianza kukosa la kuzungumza, na kukosa kwenyewe kukawa sababu ya dhana mbaya. Tulipopunguza simu zikawa siku maalumu, nikawa naweka la kumwambia.

Afisa Mstaafu, Chake Chake

Mwalimu, nimefanya kazi ya utumishi miaka mingi, na kuna jambo ambalo walimu wengi hulijua wakati wameshachelewa. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Wewe ni mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na utumishi wa umma wa Zanzibar ni mbali na ule wa Bara. Kwa hiyo kutoka Wete kwenda skuli ya Serikali Temeke usikuchukulie kama kutoka Wete kwenda Mkoani. Jiandae kwamba utaomba ajira upya huko, utashindana na walimu wengi wasio na kazi, na ukiipata huenda ukaanza chini. Skuli za binafsi Dar es Salaam huajiri walimu wa hisabati, hilo ni kweli, lakini ni kwa mikataba, na mkataba unaweza usihuishwe.

La pili ni mafao. Michango yako inakwenda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998. Watumishi wa umma wa Bara wako katika mfuko wao uliotokana na kuunganishwa kwa mifuko kadhaa mwaka 2018, na wa sekta binafsi wako kwengine. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nenda ofisi za mfuko wako ukatake maelezo ya maandishi: umeshachangia miezi mingapi, na ukiondoka leo haki yako ni ipi. Jibu la mdomo usilikubali, hata likitoka kwa mtu unayemjua.

La tatu ndilo ninalokusihi ulifikirie zaidi. Uhamisho wa kutoka Pemba kwenda Unguja uko ndani ya wizara yako mwenyewe. Ajira haikatiki, michango haikatiki, na mtoto anabaki katika mtaala uleule. Hilo la mtoto lisipuuzwe, kwani kwetu msingi humalizika darasa la sita, na Bara walikuwa wakimaliza la saba na sasa wamo katika kubadilisha, kwa hiyo ulizia kwanza atapangwa darasa gani. Kutoka Unguja, Dar es Salaam ni kiasi cha saa mbili kwa boti.

Baba wa Mwanakwerekwe

Aliyoyasema Afisa ndiyo tuliyoyafanya, na nataka kueleza yalivyokuwa kwa vitendo, kwa sababu kwenye karatasi yanaonekana mepesi.

Mke wangu alihamishwa kutoka Wete kuja mjini Unguja, nami nilikuwa mhasibu Dar es Salaam. Tulidhani tutakuwa pamoja kila mwisho wa wiki. Lakini boti ya mwisho ya kutoka Dar huondoka alasiri, mnamo saa kumi, na mimi nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja. Kwa hiyo Ijumaa imekwisha. Jumamosi nilikuwa na kazi mpaka adhuhuri, nikapanda boti ya alasiri, nikafika nyumbani karibu na Isha. Jumatatu boti ya saa moja asubuhi ingenifikisha mnamo saa tatu, na ofisi yangu ilifunguliwa saa mbili, basi ilinilazimu niondoke Jumapili saa kumi. Ukitoa usingizi, nilikuwa na familia yangu nusu siku, na upepo wa kusi ukichafuka nilikuwa nafika hoi, siwezi hata kula. Tena nauli ya mara kwa mara ilikuwa nyingi kuliko alipokuwa Pemba, kwa kuwa kule nilikuwa nakwenda mara chache.

Pamoja na hayo, hatua ile ilitusaidia kwa jambo moja: mke wangu alipokuwa ameshatulia mjini na mshahara wake, mimi nikapata nafasi ya kutafuta kazi Unguja bila ya pupa. Nilipata katika hoteli moja ya mkoa wa Kaskazini, kwa mshahara mdogo kuliko wa Dar. Nimeona hapa kila mtu anamuuliza mwalimu kama atahama. Mume wake naye aulizwe. Kazi ya kutoa mizigo iko pia Malindi, bandarini hapa Unguja, na mwenye mshahara unaoweza kupatikana kwengine kwa urahisi ndiye anayefaa kufikiriwa kwanza kuhama, awe mwanamume au mwanamke.

Umm Nasra, Mbagala

Baba wa Mwanakwerekwe amesema vizuri, ila mimi siafikiani na safari ya nusu njia kwa mwenye mama mgonjwa. Mwalimu akihamia Unguja atakuwa amemwacha mama Wete na mume bado hajampata, na atapanga nyumba ambayo Wete haipangi. Afadhali abaki, au aende moja kwa moja.

Mwalimu wa Limbani

Nawashukuru nyote. Mama nilimuuliza jana, akasema Unguja atakuja kwa sababu dada yake yuko Jang'ombe, lakini Dar hatakwenda. Mume wangu nimemsomea maneno ya Baba wa Mwanakwerekwe, hakukasirika, ila alisema wateja wake wote wako Kariakoo na hajui kama watamfuata. Hilo bado tunalizungumza. Afisa, nikiamua kuomba uhamisho wa Unguja, naanzia wapi, na je, kumfuata mume aliye Bara kunakubalika kuwa sababu?

Afisa Mstaafu, Chake Chake

Barua yako ipitie kwa mwalimu mkuu wako, usiipeleke mwenyewe wizarani, na uambatanishe cheti cha ndoa pamoja na vyeti vya daktari vya mama. Sababu ya mama anayewafuata ndugu zake Unguja iandike waziwazi kando ya ile ya mume, kwa sababu ukitoa sababu ya mume tu, unaweza kuambiwa kwamba yeye yuko Bara na Unguja si anakoishi. Mwalimu wa hisabati hawamwachii kirahisi, kwa hiyo kama unamjua mwalimu wa somo lako aliye Unguja na anataka kurudi Pemba, mtaje kwa jina na skuli yake, ili wabadilishane nafasi. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, uihifadhi. Muda wa kujibiwa sitakuahidi, kwa sababu nimeona waliojibiwa mapema na nimeona waliongoja mpaka mwaka mwengine wa masomo, basi mtoto usimtoe skuli kabla ya kuishika barua ya uhamisho mkononi.