Wakuu, naomba msaada wa hesabu ya juisi: nikiuza chupa ngapi natoka sare?

Mama Ukwaju
Habari za jioni wakuu. Nina kifremu Sinza, natengeneza juisi ya matunda na kuifunga kwenye chupa za nusu lita. Wateja wangu ni saluni, gereji na maofisi ya jirani. Chupa moja ni 1,500, na kwa mwezi ni kama chupa 1,000. Nimeambatanisha picha ya ukurasa wa daftari wenye jedwali la gharama na bei. Mniwie radhi, nimeipiga usiku na kivuli kimeingia pembeni.

Shemeji yangu aliangalia jedwali akasema gharama ya chupa ni 1,410, kwa hiyo faida ni shilingi 90. Akachukua kodi, mshahara na umeme, jumla 510,000, akagawa kwa 90 akapata chupa 5,667 kwa mwezi. Kasema bora nifunge. Sasa mbona kila mwisho wa mwezi huwa nabaki na kitu mkononi? Naomba ushauri, matusi hapana.

Fundi Kiyoyozi
Dada, picha yako imenitesa ila nimeikuza. Mimi nasoma matunda 550, sukari 80, chupa na kifuniko 110, lebo 50, maji na barafu 50. Jumla 840. Toa kwenye 1,500, inabaki 660. Gawa 510,000 kwa 660 unapata chupa 773. Wewe unauza 1,000, kwa hiyo upo salama kabisa. Shemeji mwambie arudi darasani.

Kalamu Nyekundu
Njia ya Fundi ni sahihi, ila namba moja imemponyoka. Chini ya safu ile mama ameandika jumla 900, na ukijumlisha kwa 110 haifiki. Inapungua 60 kamili. Ile ni 170, saba yake haina kistari katikati na kivuli kimemeza kichwa chake. Picha ya daftari ikikusumbua, usianze kugawa kabla hujajumlisha safu na kulinganisha na jumla aliyoandika mwenyewe. Mama, thibitisha hiyo 170.

Sasa kwa shemeji. Mama, ile 1,410 imetoka wapi? Ni 900 ya vitu vinavyoingia kwenye chupa, ukajumlisha 510 ambayo ni kodi 250,000, msaidizi 200,000 na umeme 60,000 kugawa kwa chupa 1,000. Maana yake ndani ya 1,410 kodi na mshahara vimeshalipwa. Shemeji akaja kuchukua 510,000 ileile akaitaka ilipwe tena na shilingi 90 iliyobaki. Kakutoza kodi mara mbili, mwenye nyumba mwenyewe hajawahi kufanya hivyo.

Tena hiyo 510 kwa chupa ni kweli tu ukiuza 1,000. Ukiuza 500, kodi haipungui, inakuwa 1,020 kwa kila chupa. Kwa hiyo kitu kinachobadilika kila mauzo yanapobadilika huwezi kukitumia kutafuta mauzo yenyewe.

Fanya hivi: kila chupa ikiuzwa, 900 inarudi kununua matunda na chupa nyingine, na 600 inakwenda kuchangia zile 510,000. Gawa 510,000 kwa 600, unapata chupa 850. Hapo umetoka sare, huna faida wala hasara. Kwa pesa ni mauzo ya 1,275,000. Chupa ya 851 ndiyo ya kwanza kukuletea faida, na faida yake ni 600, si 90.

Ukiuza 1,000 umevuka kwa chupa 150, kwa hiyo faida ni 90,000. Hicho ndicho kitu unachobaki nacho mkononi. Na zile 150 ni asilimia 15 ya mauzo yako. Hiyo ndiyo nafasi yako ya usalama: mauzo yakishuka zaidi ya hapo unaanza kula mtaji.

Mama Ukwaju
Asante sana mkuu. Ndiyo, ni 170, chupa na kifuniko chake. Umeme nimeuweka palepale kwa sababu friji haizimwi hata siku ya mauzo mabaya.

Tajiri Mtarajiwa
Mnamzungusha bure. Friji na blenda kanunua shilingi ngapi? Tuseme 1,800,000. Gawa kwa 90,000, miezi 20. Hapo ndipo atatoka sare.

Kalamu Nyekundu
Hilo ni swali jingine mkuu, la mtaji utarudi lini. Ni swali zuri, ila yeye kauliza mwezi huu auze ngapi asipate hasara. Pesa ya friji ilishatoka, haiji kudaiwa na chupa ya kesho.

Binti wa Tandale
Mimi nina wasiwasi na hiyo 15. Mwezi wa nne masika yakichachamaa, nani ananunua juisi ya baridi? Mimi nauza aiskrimu, najua. Akishuka kwa asilimia 20 tu anakuwa na chupa 800, yaani 50 chini ya sare, hasara 30,000. Na kodi za mjini huku unalipa miezi sita kwa mkupuo, 1,500,000. Akiitazama kama 250,000 kwenye karatasi bila kuitenga kila mwezi, siku mwenye nyumba akibisha hodi atauza blenda.

Fundi Kiyoyozi
Sawa, 170 nimekubali, macho yangu na kivuli. Lakini mbona hakuna mshahara wa mama mwenyewe? Anasimama pale kutwa nzima. Akijilipa hata 300,000, gharama za kudumu zinakuwa 810,000, na sare inakuwa chupa 1,350. Hiyo 1,000 ni hasara tupu.

Binti wa Tandale
Mwenye biashara anakula faida, si mshahara. Ukiweka mshahara wa kila mwenye genge, mji mzima tutafunga.

Kalamu Nyekundu
Hapo mtabishana mpaka asubuhi. Mama aandike zote mbili: 850 ni ili biashara isife, 1,350 ni ili imlishe. Mimi binafsi naona ya Fundi ni halali, maana angeajiriwa kwingine angelipwa.

Ila mama, nina swali moja. Hizo 1,000 ni chupa ulizouza au ulizotengeneza?

Mama Ukwaju
Ni za kutengeneza, mkuu. Huwa nahesabu kwa marobota ya chupa ninayonunua. Zinazolala nikaona zimeanza kuchacha namwaga, nyingine wanakunywa watoto. Sijawahi kuziandika.

Kalamu Nyekundu
Basi ile asilimia 15 tusiishike sana. Chupa iliyomwagwa imekula 900 na haijaleta kitu. Tuseme kwenye 1,000 zimepotea 60. Umeuza 940, umepata 1,410,000. Toa 900,000 ya chupa zote 1,000, zinabaki 510,000, na hizo ni kodi, msaidizi na umeme. Umetoka sare kwenye shilingi. Chupa mbili tatu tu kwa siku zinatosha kumaliza faida yote ya mwezi. Ongeza safu ya zilizomwagwa na zilizonywewa nyumbani, ujaze kila jioni kabla ya kufunga.

Tajiri Mtarajiwa
Watoto ndio wanakula faida, dada. Na bei akipandisha iwe 1,700 je?

Mama Ukwaju
Jirani yangu hapa anauza 1,500 hiyohiyo, ndiyo maana naogopa. Ngoja kwanza nihesabu zinazomwagwa, mwisho wa mwezi nitaleta picha nyingine, nitaipiga mchana.