Vitabu vya mali kauli vilivyobaki dukani Desemba 31: ni mauzo au ni stoku yetu?

Mwenye swali (Dar): Tunachapisha vitabu vya ziada vya shule. Oktoba 20 tulipeleka nakala 400 kwenye duka moja la Morogoro: wauze, zikiwashinda warudishe. Bei yetu kwao ni 9,000, sisi kila nakala imetugharimu 6,000. Siku ile ile tuliandika mauzo ya 3,600,000. Desemba 31 wameuza 250, zimebaki 150. Bosi anasema mauzo yaachwe yalivyo. Yuko sahihi?

Mfanyabiashara, Kariakoo: Bosi yuko sahihi. Mali kauli ni deni. Mzigo ukishatoka stoo kwako na mtu kaupokea kwa saini, umeuza, unasubiri hela tu. Tumeishi hivyo miaka yote.

Mhasibu, Arusha: Kaka, hapo neno moja limebeba biashara mbili. Kuna mali kauli ya anayechukua mzigo na kuulipia, auze asiuze. Hiyo ni deni kama ulivyosema. Na kuna hii ya muuliza swali, ambayo duka lina haki ya kurudisha kisichouzwa. Hapa mwenye duka hajakubali kununua kitu mpaka auze, au aseme "nabaki nacho", au muda wa kurudisha upite akiwa kimya. Nakala 150 zilizo kwenye rafu yake hazijafika huko.

Kwa kuwa zilishaandikwa mauzo, mwisho wa mwaka zinaondolewa kwa bei ya ankara: 150 mara 9,000, yaani 1,350,000. Debiti Mauzo, krediti akaunti ya lile duka. Halafu nakala zenyewe zinaingia kwenye stoku ya kufungia mwaka kwa gharama: 150 mara 6,000, yaani 900,000. Ziandike mstari wake, "stoku iliyo kwa wateja", zisichanganywe na iliyo stoo, maana anayehesabu stoo hatazikuta.

Mwanafunzi wa uhasibu: Si rahisi zaidi kuongeza tu hizo 150 kwenye stoku na kuacha mauzo? Mwakani zikirudi tunaandika marejesho.

Mhasibu, Arusha: Hapana, na nataka uone namba zenyewe kwa mzigo huu mmoja. Ukiacha mauzo 3,600,000 na kutoa gharama zote 2,400,000, faida ni 1,200,000. Ukifanya ulivyosema, mauzo yanabaki 3,600,000 lakini gharama inashuka hadi 1,500,000, na faida inaruka hadi 2,100,000. Umeuza kitabu na bado unacho. Ukiandika sawasawa, mauzo ni 2,250,000, gharama 1,500,000, faida 750,000. Hiyo ndiyo faida ya nakala 250, shilingi 3,000 kwa kila moja.

Kosa lingine limejificha zaidi. Mtu anaondoa mauzo vizuri, kisha anaingiza stoku kwa 9,000 badala ya 6,000. Faida inarudi pale pale, 1,200,000, kana kwamba hakugusa kitu. Ukiona umefanya marekebisho na faida haijasogea hata shilingi, kaangalie bei uliyotumia kwenye stoku.

Mwenye duka, Tanga: Samahani, kwa hiyo sisi wenye maduka hivi vitabu vya watu tusivihesabu kwenye stoku yetu? Mimi navihesabu vyote vilivyo kwenye rafu.

Mhasibu, Arusha: Swali lilikuwa la upande wa mchapishaji, dada, lakini lako ni sura yake ya pili. Visihesabiwe kuwa mali yako. Vihesabu kwa karatasi ya pembeni, umpelekee mwenyewe. Ukiviingiza kwenye stoku bila kuandika kuwa unadaiwa, faida yako inavimba, na vitabu hivyo hivyo viko kwenye hesabu za watu wawili.

Mkaguzi wa hesabu: Nakubaliana na maingizo, ila mmeruka jambo moja. Hati ya kupelekea mzigo inasema muda wa kurudisha ni siku ngapi?

Mwenye swali: Siku 60. Lakini hakuna anayezifuata. Shule zinafunguliwa Januari, maduka hushikilia vitabu mpaka Februari na sisi hupokea marejesho bila kelele.

Mkaguzi wa hesabu: Basi jambo limebadilika. Siku 60 kuanzia Oktoba 20 zimeisha Desemba 19. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka anayekataa mzigo wa aina hii atoe taarifa ndani ya muda uliowekwa. Asipotoa, umiliki umehamia kwake. Kwa karatasi, hizo 150 ni mauzo, na bosi yuko sahihi ingawa kwa sababu asiyoitaja.

Mhasibu, Arusha: Kwa karatasi tu. IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya kuandika mapato, inaangalia pia mazoea ya biashara, si maandishi peke yake. Kampuni inayopokea marejesho kila Februari imewazoesha wateja kuwa muda ni mpaka Februari. Duka halina deni la lazima hapo. Mimi ningeondoa mauzo.

Mkaguzi wa hesabu: Au uyaache, kisha ukadirie yatakayorudi. Kama marejesho ya miaka iliyopita yanaonyesha kati ya 150 hurudi kama 40, unaondoa mauzo ya 40 tu na kuyaweka kama deni la marejesho, na upande wa pili unaweka haki ya kupokea vitabu kwa gharama. Bila kumbukumbu hizo siwezi kukubali kadirio. Siku ya ukaguzi nitaliandikia duka kuuliza linadaiwa kiasi gani. Likijibu "tunadaiwa 250 tulizouza", na leja yako inasema 400, utanieleza nini?

Msambazaji, Mombasa: Huku Kenya tatizo letu ni VAT, bidhaa zetu zinatozwa asilimia 16. Mzigo ukifika dukani kodi imeshaiva, na inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hakuna kilichouzwa. Kikirudi tunatoa noti ya krediti, na ni lazima iwe ndani ya miezi sita tangu ankara. Kwa hiyo kuondoa mauzo kwenye leja Desemba hakurudishi kodi. Mwenye hesabu asiiguse akaunti ya VAT mpaka bidhaa irudi kweli.

Mfanyabiashara, Kariakoo: Hapo kwenye kodi ndipo mnanipa sababu ya kusema ni mauzo.

Mhasibu, Arusha: Kodi ina siku yake na faida ina yake, mkuu. Haziendi pamoja.

Mwenye swali: Nikiondoa Desemba, je, Januari 1 niyarudishe mauzo yote kama yalivyokuwa?

Mhasibu, Arusha: Wengine hufanya hivyo ili leja ya duka ilingane na hati. Mimi sipendi, kwa sababu Januari inaonyesha mauzo ambayo hayajatokea. Subiri taarifa ya duka, uandike zilizouzwa tu. Na hesabu ya Desemba 31 ipate kwa maandishi, yenye saini na mhuri wao: walipokea ngapi, wameuza ngapi, zimebaki ngapi, na katika zilizobaki ngapi zimechanika au kuloa. Hizo usiziweke kwa 6,000 kama hazitauzika kwa bei hiyo. Vivyo hivyo kama kitabu ni cha mtaala wa zamani, maana mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024 unakipunguzia wanunuzi kila darasa linapohama.

Mkaguzi wa hesabu: Kuhusu siku 60 bado sijakubali. Badilisheni hati iseme mwisho wa Februari, au anzeni kukataa vinavyochelewa.

Mwenye swali: Nimetafuta hati ya Oktoba. Nakala yetu haina saini ya duka.

Mkaguzi wa hesabu: Basi anza na hiyo. Bila saini, hata zile 250 duka likigeuka huna pa kushikia.