Mrejesho: faili la mishahara lililokwenda kwa mtu wa nje

Swali langu lilikuwa: "Ofisi yetu Nairobi imetuma faili la mishahara kwa mtu wa nje, jina lake linafanana na la mhasibu. Tumwandikie nini?"

Asanteni mliojibu. Recall ya Outlook, ya kurudisha ujumbe uliokwishatumwa, haikusaidia kitu, kwa sababu hufanya kazi ndani ya shirika moja tu, na huyu anatumia Gmail. Kilichofaa ni ujumbe mpya kabisa. Forward ingebeba faili lile lile mara ya pili.

"Habari za asubuhi. Baruapepe yetu ya leo saa 3:10 imekufikia kimakosa. Tunaomba usiifungue wala kuituma kwa mwingine. Ifute, kisha uiondoe pia kwenye Trash, na kwenye Downloads kama uliipakua. Tafadhali tujulishe ukimaliza. Samahani kwa usumbufu."

Hatukutaja mishahara wala mahakama. Vitisho humfanya mtu afungue aone kuna nini. Trash tuliitaja makusudi, maana Gmail huhifadhi humo kwa siku 30.

Mchana alijibu kwamba amefuta. Jibu tumelihifadhi, ingawa halithibitishi kuwa hakuna nakala. Kwa hiyo hatukuishia hapo: faili halikuwa na nywila, na lilikuwa na namba za akaunti za benki, na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inatoa saa 72 tangu kugundua, kumwarifu Kamishna wa Data panapokuwa na hatari halisi ya madhara. Taarifa imeshapelekwa, na wafanyakazi husika wameandikiwa.