Tupeane uzoefu: wazee wawili, birika moja na ubishi wa mchezaji bora wa muda wote

Mpenda Chai

Wakuu, salamu. Kuna ubishi mmoja wa mpira wa miguu nimeusikiliza kwa miaka na bado naufuata kama mtoto anavyofuata ngoma. Ni wa wazee wawili wanaokunywa chai pamoja tangu ujana wao. Mmoja tunamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu, mwingine Fundi kwa sababu alikuwa seremala. Mwalimu ni wa Pele wa Brazil, Fundi ni wa Maradona wa Argentina. Jana walifika mbali kuliko siku zote, na niliyoyasikia nayaandika kabla hayajapoa.

Mwalimu alianza kabla hata hajakoroga sukari.

— Vikombe vitatu vya Dunia. 1958, 1962, 1970. Hesabu imekwisha, niache ninywe chai.

— Hicho cha 1962 alikichezea wapi?

— Chile.

— Sikuulizi nchi, nakuuliza alikichezea wapi. Lete vijiko.

Fundi akavua vijiko kutoka kwenye glasi zetu wote, hata changu nilichokuwa nakorogea. Akavipanga mezani.

— Hiki ni Pele. Mechi ya kwanza na Meksiko kafunga, sikatai. Ya pili na Chekoslovakia kapiga shuti, msuli wa paja ukamshika. Sifuri kwa sifuri. Baada ya hapo Brazil ilicheza mechi nne. Pele alikuwa wapi?

— Alikuwa na timu.

— Alikuwa amekaa! Kama mimi hapa!

Akakiondoa kijiko cha Pele akakiweka kando ya birika, halafu akasogeza kingine katikati.

— Huyu Garrincha. Mawili kwa England robo fainali, mawili kwa Chile nusu fainali. Na huyu mdogo ni Amarildo, aliyeingia nafasi ya Pele. Mawili kwa Hispania, na moja la fainali. Sasa niambie wewe uliyefundisha watoto wa watu: mwanafunzi akiugua baada ya swali la pili, mtihani ukafanywa na jirani yake, unampa nani maksi?

Mwalimu alinyamaza kidogo, na huyu bwana huwa hanyamazi.

— Unasahau kitu. Siku ile ya Chekoslovakia Pele alibaki uwanjani akichechemea mpaka mwisho. Wakati huo hakukuwa na kubadilisha mchezaji Kombe la Dunia. Kubadilisha kumeanza 1970. Huyo Maradona wako angeumia angetoka, akafunikwa taulo, akaletewa maji.

— Maradona kuumia? Mwaka 1983 kule Hispania beki alimvunja kifundo cha mguu, akarudi.

— Akarudi afunge kwa mkono!

Hapo kibanda kizima kilicheka, na Fundi akasimama kabisa. Tarehe 22 Juni 1986, Argentina na England kwenye Kombe la Dunia, Uwanja wa Azteka, ameihifadhi kichwani kama siku ya ndoa yake. Alikubali bao la kwanza ni la mkono. Lakini dakika nne tu baadaye, akasema, likaja lile lingine. Akachukua kopo la sukari kuwa lango la England, akaanza kuburuta kidole kutoka upande wake wa meza, akizunguka glasi moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwa kipa Shilton, ambaye alikuwa glasi ya Mwalimu, akaizunguka nayo. Chai ikamwagika. Mwalimu hakuitazama chai, alikuwa anatazama kile kidole.

— Argentina ilifunga mabao 14 mashindano yale, akasema Fundi. Matano yake, na mengine matano alitoa pasi ya mwisho. Kumi katika 14. Mwalimu wa hesabu, hiyo ni asilimia ngapi?

— Sabini na moja na kidogo. Toa lile la mkono, zinabaki 64.

— Bado anafaulu!

— Na Pele akiwa na miaka 17 alifunga mabao sita mwaka 1958, matatu nusu fainali na mawili fainali. Maradona wako akiwa na miaka 17 kombe la 1978 alilitazama wapi?

Fundi akakaa. Mama anayetuuzia chai, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza swali moja tu: «Mnapima kombe au mnapima mtu?» Hawakumjibu. Waliondoka wakibishana njiani, na mama akabaki anahesabu vijiko. Kimoja hakipo.

Tupeane uzoefu. Wazee wenu walibishana vipi, na ubishi uligeukia wapi?

Beki wa Kati

Umenikumbusha baba mdogo na rafiki yake waliyekuwa naye jeshini. Wao ubishi wao ulikuwa Pele na Messi, na kila siku rafiki alimaliza kwa kauli moja: «Messi ana Mipira ya Dhahabu minane, Pele hana hata mmoja.» Baba mdogo alikuwa anakosa la kusema, anakunywa chai kwa hasira.

Nilimpa dawa. Tuzo ile kwa miaka mingi ilikuwa ya wachezaji wa Ulaya peke yao. Mlango ulifunguliwa 1995 kwa mchezaji yeyote anayecheza klabu ya Ulaya, na mwaka huohuo George Weah wa Liberia akaichukua. Pele alikuwa ameshastaafu zamani. Maradona naye alikuwa Napoli, anabeba ubingwa wa Italia, lakini kwa pasipoti yake hakuruhusiwa kuhesabiwa. Mwaka 2016 gazeti lenyewe linalotoa tuzo lilirudia hesabu kana kwamba mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo, likaona Pele angestahili saba na Maradona miwili.

Siku baba mdogo alipoyasema hayo kibandani, rafiki yake alinyamaza, akafikiri, akasema: «Saba bado ni pungufu ya nane.» Hapo nilijua ubishi huu hautaki dawa.

Kwa Fundi na Mwalimu naona yule mama ameuliza swali lenyewe. Mmoja anahesabu maisha yote ya mchezaji, mwingine anahesabu mwezi mmoja wa 1986. Ukihesabu maisha, Maradona anapata tabu. Ukihesabu mwezi, mimi sijaona wa kumfikia.

Namba Tisa

Mnajichosha. Pele ana mabao 1,281, yote ya mashindano. Nani atayafikia? Na kingine, shirikisho la dunia lilishamaliza kesi mwaka 2000, lilimpa Maradona tuzo ya mchezaji wa karne.

Beki wa Kati

Ndugu yangu Namba Tisa, hapo umemtetea Pele kwa mkono mmoja ukampokonya kwa mwingine. Idadi hiyo ya zaidi ya 1,200 ina mechi za kirafiki ndani yake, maana klabu yake, Santos, ilizunguka dunia kucheza, na ina mabao aliyofunga akichezea timu ya jeshi. Ukibakiza mashindano rasmi inashuka sana. Lakini usizicheke mechi zile za kirafiki. Klabu kubwa za Ulaya zilikuwa zinacheza na Santos kwa nguvu zote, kwa sababu kila beki alitaka kusema alimzuia Pele.

Na mwaka 2000 zilitolewa tuzo mbili. Maradona aliongoza kura za mtandaoni, Pele akachaguliwa na jopo pamoja na wasomaji wa jarida la shirikisho. Wenyewe walishindwa kuamua, ndiyo maana wazee wetu bado wana kazi.

Namba Tisa

Ya tuzo mbili nakubali. Ya mabao sikubali. Bao ni bao.

Kete Nyeusi

Kwetu bingwa alikuwa babu. Alikuwa anacheza drafti mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe, na miaka 20 nzima rafiki yake hakumfunga hata mara moja mpaka siku babu alipokosa miwani. Huyo ndiye mchezaji bora niliyemwona kwa macho yangu.

Mpenda Chai

Mkuu, tulikuwa kwenye mpira wa miguu, lakini babu apewe heshima yake.

Kisigino

Mimi ni dada, na nilikuwa nakaa pembeni ya ubishi kama huu nikisubiri chai ya kumpelekea mama. Wazee wawili walikuwa wanashindana kwa mabao ya Kombe la Dunia tu: Pele 12, Maradona manane. Nikaomba ruhusa, nikauliza: «Wazee wangu, na mwenye 17?»

Wakaanza kutaja. Mmoja akasema Klose, nikamwambia huyo ana 16. Mwingine akasema Ronaldo yule wa Brazil, nikamwambia 15. Nikawaachia muda mpaka chai yangu ikawa tayari, ndipo nikasema: Marta, wa Brazil hiyohiyo. Alifunga katika Kombe la Dunia tano tofauti, kuanzia 2003 mpaka 2019.

Mzee mmoja akasema, «Hayo ni ya wanawake.» Rafiki yake, aliyekuwa akimpinga tangu asubuhi, akampinga na hapo: «Kwani lango lao ni dogo?» Na kweli lango ni lilelile, mpira ni uleule, dakika ni 90. Wakahamia kubishana hilo, wakanisahau kabisa. Naamini kwa dhati Marta anastahili kutajwa kwenye meza hizi bila kuombewa ruhusa na mtu anayesubiri chai.

Mpenda Chai

Nimerudi. Leo nimewasomea majibu yenu kibandani. Mwalimu ameshika kidevu kwenye habari ya Weah, akasema miaka yote hiyo hakuwa anaijua. Fundi amefurahia Marta, ila nadhani ni kwa sababu jina hilo limempunguzia Pele nafasi.

Halafu Mwalimu akafanya jambo sikulitegemea.

— Nimelala na lile la 1962. Nakubali. Kikombe kile ni cha Garrincha.

Fundi akapiga meza kwa furaha. Mwalimu akainua kidole.

— Ngoja. Kama unampima mtu kwa mwezi mmoja, basi Garrincha naye ana mwezi wake. Kwa nini Maradona awe juu ya Garrincha?

— Kwa sababu... Garrincha alitolewa nje nusu fainali na Chile, kwa kumpiga mtu teke!

— Na fainali akaruhusiwa kucheza. Mtu aliyefunga kwa mkono anamlaumu aliyepiga kwa mguu?

Fundi akafungua mdomo, akaufunga, akaomba chai nyingine. Mama akasema hakuna chai mpaka kijiko chake kirudi. Tukatazamana. Mwalimu akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, taratibu, akakitoa. Ni kile kilichokuwa Pele. Alikwenda nacho nyumbani.

— Sikutaka akae kando ya birika, akasema.