Mjadala: Kutotenda kwa Wadao ni hekima au uzembe uliovishwa kanzu?

Mtoro wa Darasa: Wakuu, Wadao wa China ya kale wanahubiri "kutotenda", halafu papo hapo wanamsifu mpishi Ding aliyepasua ng'ombe miaka 19 kwa kisu kimoja. Sasa mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo hajatenda nini? Au ni uzembe tu wenye maneno matamu?

Kisu Butu: Uzembe. Huyo Laozi, babu yao Wadao, alichoka na kazi ya nyaraka, akapanda nyati akaondoka zake, ila kabla hajaondoka akaandika hicho kisa cha mpishi. Na falsafa ikishafikia kumsifu mkata nyama, ujue imeishiwa.

Shangazi wa Bandarini: Kisa hicho kimo katika kitabu kingine cha Wadao, Zhuangzi, sura ya tatu. Laozi hahusiki nacho, mwanangu. Na ukikisoma hadi mwisho utaona uzembe haumo. Ding anamweleza Bwana Wenhui kwamba alipoanza alikuwa anaona ng'ombe mzima tu, bonge la nyama mbele yake. Baada ya miaka mitatu hakumwona tena ng'ombe mzima, aliona mianya: pale nyama inapoachana na nyama, pale kiungo kinapopumua. Mpishi wa kawaida hubadilisha kisu kila mwezi kwa sababu anapigapiga. Mpishi mzuri hubadilisha kila mwaka kwa sababu anakata. Ding kapasua ng'ombe maelfu na kisu ni kile kile. Kinachokosekana kwake ni kule kushindana na mfupa tu. Kazi ipo pale pale.

Babu wa Gogo: Huyu Kisu Butu aniambie "mkata nyama" kafanya nini kibaya. Mimi nina bucha, nimesomesha watoto kwa hilo gogo. Unajua kutenganisha paja na nyonga? Unaushika mguu, unauchezesha polepole, kiungo kinakuonyesha chenyewe kinapofungukia. Hapo ncha ya kisu inapita kwenye gegedu, huhitaji nguvu. Ukisikia mkwaruzo ujue umekosea, uko juu ya mfupa, rudi nyuma. Kijana mgeni hasikii huo mkwaruzo, anaongeza nguvu. Ndiyo anajikata.

Kisu Butu: Babu, tuwe wakweli. Bucha zote ninazozijua ni shoka na gogo, vipande vya mifupa vinaruka hadi barabarani. Kutotenda huko kuko wapi?

Babu wa Gogo: Shoka ni kwa sababu yako wewe mteja! Unataka kilo ya mchanganyiko, nyama na mfupa. Uje ununue steki uone kama nitagusa shoka. Na hiyo habari ya kisu kutonolewa miaka 19, hapo Mchina kanogesha. Hata usipogusa mfupa, kano tu zinatosha kukichosha.

Shangazi wa Bandarini: Maandishi hayasemi kwamba hakukinoa, Babu. Yanasema makali yake ni kama yametoka kwenye jiwe la kunolea sasa hivi. Lakini mnapita sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Ding mwenyewe anakiri kuna mahali mafundo yanakutana na njia haionekani. Akifika hapo anajihadhari, macho anayakaza, mwendo anaupunguza, kisu anakisogeza kidogo mno, mara nyama inaachia puu! kama bonge la udongo. Huyo ni mtu aliye macho kabisa. Mzembe akifika kwenye fundo hana habari nalo, na mwenye papara analipiga. Wote wawili wanaharibu, kila mmoja kwa njia yake.

Mtoro wa Darasa: Hapo nakuelewa kwa mpishi. Ila ng'ombe amelala, hana ubishi. Watu je? Nchi je?

Mvua ya Vuli: Nchi ipo mfano wake, Mtoro. Cao Shen, waziri mkuu wa utawala wa Han, alishika nafasi baada ya mtangulizi wake Xiao He kufariki mwaka 193 KK. Hakubadilisha sheria hata moja. Alikuwa anakunywa pombe mchana kutwa, na afisa akija na ushauri anamnywesha hadi ulimi unazama. Mfalme kijana Hui akaudhika. Cao Shen akamuuliza: wewe na baba yako nani zaidi? Mimi na Xiao He? Mfalme akakubali kwamba wote wawili wako chini ya waliotangulia. Basi, akasema, sheria wameshaziweka wazi, sisi tuzishike. Nchi ilikuwa imetoka vitani, watu wakapumua. Ndiyo kutotenda huko, kiongozi anakaa kando.

Kisu Butu: Kwa hiyo bosi mlevi ni mwanafalsafa! Nilishawahi kuwa na mmoja hivyo. Kazi yote tuliifanya sisi, sifa akabeba yeye. Cao Shen alikula jasho la Xiao He, mwisho wa habari.

Babu wa Gogo: Hapa kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kisu Butu, ingawa bado hajaniomba radhi.

Shangazi wa Bandarini: Mvua, umesimulia nusu. Cao Shen alichagua watumishi kwa makini: wazee wasio na maneno mengi aliwapa kazi, na waliong'ang'ania herufi za sheria ili wapate jina aliwafukuza. Kuchagua kulikuwa kazi yake, na baada ya hapo hakuwaingilia. Hata hivyo si kila kukaa kimya ni Udao. Kitabu cha Huainanzi, kilichopelekwa kwa Mfalme Wu mwaka 139 KK, kinawapinga waziwazi wanaodhani kutotenda ni kukaa kama gogo, ukiitwa huji, ukisukumwa huendi. Kinasema mimea huota yenyewe majira yakifika, ila bila jembe huvuni. Maji hufuata mteremko, ila mfereji lazima uchimbwe. Kinachokatazwa ni kukausha kisima kwa moto, au kuyapandisha maji ya mto Huai mlimani.

Mvua ya Vuli: Basi kitabu hicho kimegeuza maana. Laozi hakutaja jembe wala mfereji.

Shangazi wa Bandarini: Alisema kulishughulikia jambo kabla halijatokea. Anayeshughulika mapema si mtu wa kulala.

Kisu Butu: Sawa, tuseme mteremko upo. Sheria za Xiao He zenyewe zilitokana na za Qin, utawala uliotangulia Han, na Qin hawakuwa na huruma. Unayeambiwa "fuata njia iliyopo" na njia yenyewe inakukandamiza, ufanyeje? Wadao wana jibu au tuendelee kunywa?

Mtoro wa Darasa: Hilo ndilo swali ninalolitaka sasa. La ng'ombe limekwisha.

Babu wa Gogo: Halijakwisha.

Shangazi wa Bandarini: Hapo pana ugumu kweli, siwezi kulitetea lote. Watu wa sheria kali kama Han Fei walilichukua hilo neno la kutotenda wakampa mtawala: yeye atulie asionyeshe anachopenda, mawaziri wahangaike wakiogopa adhabu. Kisu hicho kinapita mwanya vizuri tu, ila aliyekishika ananufaika peke yake.

Mvua ya Vuli: Cao Shen hakuwa hivyo. Makosa madogo ya watu alikuwa anayafunika.

Kisu Butu: Alikuwa anayafunika? Huyo huyo mfalme alipomtuma mtoto wa Cao Shen akamuulize baba kwa nini hafanyi kazi, mtoto alichapwa viboko 200! Viboko 200, jamani. Hebu niambieni, mkono uliochapa ulikuwa unatenda au hautendi?

Mvua ya Vuli: Mtoto aliingilia mambo yasiyomhusu.

Babu wa Gogo: Mia mbili? Kwa swali moja?