Nimeitwa intavyuu, kwenye CV nimeandika "asilimia 40", naiteteaje?

Mzigo_Kamili: Wakuu habari zenu. Wiki ijayo nina usaili, nafasi ya msimamizi wa stoo. Kwenye CV niliyotuma kuna mstari unasema "Nilipunguza tofauti za stoo kwa asilimia 40". Si uongo, kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunahesabu bidhaa aina 400, mwanzoni aina 20 zilikuwa hazikubaliani na sistimu, baada ya miezi sita zikabaki 12. Ila makaratasi yote yamebaki kazi ya zamani na naona kabisa wakianza kunibana nitajikanyaga. Halafu tulikuwa watatu, sikuwa peke yangu. Nijipangeje?

Kibao_Kata: Mkuu hiyo 40 umeitoa wapi? 20 kwa 400 ni asilimia 5, 12 kwa 400 ni asilimia 3, umepunguza 2 tu. Mhasibu akiwepo kwenye paneli umekwisha, futa hiyo kitu.

Bi_Daftari: Kibao hesabu yako iko sawa ila hukumu siyo. Zimepungua 8 kutoka 20, hiyo ni asilimia 40 halali. Hiyo 2 yako ni tofauti kati ya viwango viwili, 5 na 3. Zote kweli, tatizo linakuja mtu akitaja 40 peke yake maana msikilizaji hajui ulianzia wapi, hata kutoka aina 5 mpaka aina 3 vilevile ni asilimia 40.

Mzigo, nimekaa upande wa kuuliza muda mrefu kidogo, tukiona namba huwa hatuanzi na "thibitisha", tunaanza na "tuelezee". Kwa hiyo jibu lako lianze na namba mbichi: "Tulihesabu aina 400, zisizokubaliana zilikuwa 20, miezi sita baadaye 12." Hapo hapo taja ni mwezi gani hadi mwezi gani, kwa sababu ukilinganisha mwezi wa pilikapilika na mwezi wa mzigo kidogo namba inashuka yenyewe bila wewe kufanya chochote, na mtu wa stoo atakuuliza hilo.

Halafu ndo linakuja swali linaloangusha wengi: ulifanya nini hasa? Ulibadilisha nini?

Mzigo_Kamili: Mzigo ulikuwa unatoka kwanza fomu inajazwa baadaye, mara nyingi jioni, wengine wanasahau. Nikapendekeza hakuna kitu kutoka bila fomu kusainiwa. Na zile bidhaa zinazotoka sana tukaanza kuzihesabu kila wiki badala ya kungoja mwisho wa mwezi.

Bi_Daftari: Sasa hayo ndiyo maneno ya kusema, na useme kama ulivyoandika hapa. Ila jiandae na mawili ya nyongeza. Moja, utajuaje ni fomu iliyosaidia na si kule kuhesabu kila wiki? Kama hamkuvitenganisha sema hamkuvitenganisha, halafu taja ulichokiona, mfano kama zile 8 zilizotoka kwenye orodha zilikuwa za kutoka sana au za kukaa. Mbili, hizo 12 zilizobaki zilikuwa na shida gani? Aliyefanya kazi kweli anajua zilizomshinda, aliyekopi mstari mtandaoni hapo ndo anaanza kuangalia dari.

Sauti_ya_Jioni: Mimi niliandika niko vizuri kwenye Excel, nikawekewa laptop mbele nikaambiwa unganisha orodha mbili kwa VLOOKUP. Mikono ilitetemeka lakini ilikubali. Kwa hiyo sio namba tu jamani, hata kale kamstari ka ujuzi pale chini kanaulizwa.

Ngoja_Kwanza: Na mimi nina gepu la mwaka mzima kwenye CV, nalo nilitetee kwa asilimia au?

Kibao_Kata: 😂😂 Ngoja fungua uzi wako. Bi Daftari nimekuelewa kwenye 40. Ila mimi bado ningeenda na CV mpya iliyorekebishwa.

Bi_Daftari: Hapana, paneli wanayo ile ya kwanza. Ukileta nyingine yenye namba tofauti maswali yote yatahamia huko. Aende na ile ile, maelezo ayatoe kwa mdomo. Na thamani ya mzigo wa mwajiri wa zamani asiitaje, asilimia na idadi zinatosha, siri za watu ukizimwaga pale wanajiuliza za kwao utazimwaga wapi.

Mzigo_Kamili: Asante dada. Na ile "nilipunguza" wakati tulikuwa watatu?

Bi_Daftari: Wazo la fomu lilikuwa lako, kuhesabu mligawana. Sema hivyo hivyo, "nilipendekeza" halafu "tukahesabu". Maana wakimpigia msimamizi wako wa zamani ataulizwa jambo hilo hilo.

Kibao_Kata: Hapo sikubaliani, ukisema "tu" nyingi wanaona ulikuwa unasindikiza wenzako. Mimi ningebaki na "ni" mpaka waulize wenyewe.

Mzigo_Kamili: Mmh. Ngoja kwanza nimpigie msimamizi nimuulize anakumbuka ni miezi ipi.