Mdogo wangu anatafuna muguka na anasikia sauti: ni jani au ni maradhi?

BintiTudor: Hamjambo wenzangu. Mdogo wangu ana miaka 24, anaendesha tuktuk hapa Mombasa. Alianza na miraa za wikendi, kisha muguka kila siku, saa nane mchana hadi usiku wa manane. Ramadhani hakuacha, alihamisha tu muda akawa anaanza baada ya futari. Wiki tatu zilizopita alikesha siku mbili, akaziba dirisha kwa karatasi akisema madereva wenzake wanamwinda. Anawasikia wakimtaja jina nyuma ya ukuta. Kliniki wakampa risperidoni miligramu 2 kila usiku, sauti zikapungua. Lakini bado anatafuna, na dawa anameza akikumbuka. Mama anasema ni majini. Nimuanzie vipi bila kugombana?

MzeeIgembe: Dada, jani halitii mtu wazimu. Kwetu wazee wametafuna tangu ujana na akili zao timamu. Huyo alikuwa na ugonjwa wake tayari. Na msimwachishe ghafla, mwili utashtuka.

NesiWaAkili: Mzee, ni kweli watafunaji wengi hawasikii sauti. Lakini kipimo kinabadili mambo. Anayetafuna kila siku, na hasa anayekesha, yuko karibu zaidi na hali hiyo. Akiwa alianza mdogo, au ukoo una maradhi ya akili, hatari inazidi. Pia kuacha miraa hakuhatarishi mwili kama kuacha pombe, kwa hiyo si lazima apunguze polepole. Ila, BintiTudor, je, anashusha handasi, yaani ule msisimko wa jani, kwa pombe au tembe za usingizi? Hizo ndizo zisizoachwa ghafla bila daktari.

Kuhusu swali lako, angalia kalenda. Sauti za jani aghalabu hutulia ndani ya siku chache hadi wiki mbili baada ya kuacha. Zikiendelea mwezi mzima bila jani, daktari atafikiria ugonjwa mwingine. Amewahi kukaa bila kutafuna?

BintiTudor: Pombe hanywi, tembe sijaona. Majuzi alikaa siku tisa kwa shangazi, shamba, bila muguka. Siku mbili za kwanza alilala tu na kula sana. Siku ya sita akasema kumekimya. Ila bado hakutaka kukaa mgongo wake ukielekea mlango. Aliporudi mjini, siku ya tatu sauti zikarudi.

NesiWaAkili: Maelezo hayo yana thamani, mpelekee daktari hivyo hivyo. Zilikoma bila jani, zikarudi na jani. Lakini huko shamba alikuwa akimeza dawa?

BintiTudor: Kila usiku, shangazi alimsimamia.

NesiWaAkili: Basi hatuwezi kusema ni jani peke yake. Vitu viwili vilibadilika pamoja. Dawa ile hupunguza nguvu ya kemikali iitwayo dopamini kwenye ubongo, na jani huimwaga zaidi. Anapotafuna juu ya dawa, vinavutana. Muulize pia kama dawa inamlegeza asubuhi. Wapo wanaotafuna zaidi ili waamke, kisha wanaacha dawa. Hilo daktari anaweza kulirekebisha.

Kijana_Nyali: Mimi niliacha mwaka jana. Mimi sikusikia sauti, ila siku ya tatu niliingia giza, nikawaza kufa. Ndoto za kutisha kila usiku, hasira kwa mke wangu. Sikujua ni kushuka, nilidhani ndiyo sura yangu halisi. Nikarudia jani wiki ile ile, mara mbili, kabla halijaniachia.

NesiWaAkili: Pole sana, kaka, na asante. Hilo giza ni la kuchungwa hasa wiki ya kwanza. BintiTudor, mdogo wako akisema anataka kufa, asiachwe peke yake, mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mazungumzo yenyewe yafanye asubuhi akiwa amelala vizuri, dakika kumi tu. Usianze na majini wala na lawama. Muulize muguka unampa nini, umsikilize mpaka mwisho. Kisha unamnyang'anya nini. Kisha: kutoka 0 hadi 10, uko tayari kiasi gani kupunguza? Akisema 3, muulize kwa nini si 0. Hapo ataanza kutoa sababu zake mwenyewe, nawe nyamaza. Mkubaliane jambo moja, labda asitafune baada ya magharibi ili alale. Lakini kwa mtu anayesikia sauti, mazungumzo mafupi hayatoshi, kliniki iendelee.

MzeeIgembe: Mimi bado naona alikuwa na ugonjwa. Ila hiyo ya kulala nakubali.

BintiTudor: Nimemuuliza leo. Amesema 4. Nikauliza kwa nini si 0, akanyamaza kidogo, akasema anachoka kuwaogopa marafiki zake. Kliniki ni Jumatatu. Mama bado anataka aombewe kwanza, na sijui nimwambieje.